Kwa boti za Kibirizi, aplikesheni ya wavuti inatosha, kwa sharti moja

Boti ikitoka Kibirizi, Kigoma, kwenda Kagunga hupita Kalalangabo, Mtanga, ufukwe wa Gombe, Mwamgongo na Zashe, na njia nzima kuna mizigo ya kushusha. Unga, saruji, bati, kreti za soda, madaftari, dawa za duka la kijijini, vyote hupanda boti. Wakati wa kurudi hupanda dagaa na mawese. Kati ya mwenye mzigo na nahodha yupo wakala, na wakala ana karani mwenye kauntabuku na kalamu, anayeandika nani katuma nini, kwa nani, kijiji gani, na kama nauli imelipwa hapa au italipwa huko mbele.

Mawakala wa aina hii sasa wanashawishiwa waiache kauntabuku. Anakuja kijana wa mifumo na bei mbili. Ya kwanza ni ya aplikesheni ya kupakua Play Store, nayo ni ghali. Ya pili ni ya aplikesheni ya wavuti, ile ambayo wataalamu huiandika PWA, inayofunguliwa kwa kiungo tu kisha ikabandikwa kwenye skrini ya mwanzo ya simu, nayo ni nafuu sana. Wakala anabaki na swali moja: hii nafuu itafanya kazi ya ile ghali, au mwisho wa yote nitalipia zote mbili?

Kwa kazi ya boti za Kibirizi, jibu langu ni kwamba itafanya, kwa sharti moja: orodha ya mizigo isilale ndani ya kivinjari cha simu zaidi ya safari moja ya kwenda na kurudi. Wakala anayeweza kulitimiza sharti hilo hana sababu ya kulipia aplikesheni ya dukani. Asiyeweza, ainunue, lakini kwa ajili ya simu ya karani peke yake. Nimeuweka mpaka hapo kwa makusudi, maana naona watu wengi wanauweka kwenye mambo yasiyo na uzito, kama mwonekano, au heshima ya kuonekana Play Store.

Kwanza tuelewane tunazungumzia kitu gani. Jina la Kiingereza la aplikesheni hizi lilianza kutumika mwaka 2015, likitoka kwa Alex Russell na Frances Berriman, waliokuwa wakieleza kurasa za wavuti zilizokuwa zimeanza kupata uwezo wa kufanya kazi hata mtandao ukikatika. Uwezo huo unatokana na faili moja dogo la msimbo, ambalo kwa desturi hupewa jina `sw.js`. Kivinjari hulihifadhi faili hilo na kuliweka kati ya ukurasa na mtandao, kama mlinzi wa getini. Ukurasa ukiomba kitu, ombi hupitia kwake kwanza. Kama nakala anayo, anaitoa papo hapo, mtandao uwepo usiwepo. Kama hana, anakwenda kuitafuta nje. Ongeza hapo faili la pili lenye jina la aplikesheni, ikoni na ukurasa wa kuanzia, hakikisha anwani inaanza na `https://`, na Chrome ya Android itakubali kuisakinisha. Ikifunguliwa haionyeshi upau wa anwani, na mtumiaji wa kawaida hawezi kuitofautisha na aplikesheni nyingine.

Faida yake kubwa kwa mteja ni wepesi. Twitter walipotoa toleo lao la aina hii mwaka 2017, lilichukua takriban kilobaiti 600 kwenye simu, wakati aplikesheni yao ya Android ilikuwa na megabaiti 23.5. Fomu ya wakala wa mizigo ni kitu kidogo zaidi ya hapo. Ikiandikwa kwa uangalifu inaweza kubaki chini ya kilobaiti 300. Mfikirie mwalimu wa Mwamgongo ambaye mara moja kwa mwezi anataka kujua kama boti ya kesho ipo na kama mfuko wake wa saruji umepakiwa. Simu yake imejaa video za WhatsApp, na bando lake ni la kuhesabu. Huyu hatapakua megabaiti 30 kwa ajili ya swali moja, na akipakua leo, kesho ataifuta apate nafasi ya picha za harusi. Kiungo kilichotumwa kwenye kundi la WhatsApp atakibonyeza, ataona anachotaka, na basi.

Kwa upande wa mteja, basi, sioni mjadala. Kuna mitego midogo tu ya kujihadhari nayo. Wanaotumia Opera Mini katika hali ya kubana data kwa nguvu hawapati huduma ya yule mlinzi wa getini, kwa sababu ukurasa hupikwa kwenye seva za Opera kabla ya kuifikia simu. Kwa hiyo fomu ya kuulizia mzigo lazima ifanye kazi hata kama ukurasa wa kawaida kabisa. Anayebonyeza kiungo ndani ya Instagram au Facebook hufunguliwa kivinjari cha ndani ya aplikesheni hizo, ambacho hakina kitufe cha kusakinisha. Aelekezwe afungue kwa Chrome. Wenye iPhone walianza kupata arifa za aplikesheni za wavuti mwaka 2023 na toleo la iOS 16.4, tena mpaka wawe wamezibandika kwenye skrini ya mwanzo. Na mpokeaji wa mzigo kule Zashe huenda ana kitochi tu. Kwa huyo hakuna aplikesheni ya aina yoyote inayomfaa. Anahitaji SMS yenye namba ya mzigo na jina la boti. Wakala anayetenga fedha ya kutosha ya SMS atakuwa amewahudumia wengi kuliko anayeimalizia kwenye ikoni nzuri.

Mjadala uko kwa karani.

Simu ya karani ndiyo inayobeba biashara. Tuseme boti ya leo imepakia vipande 60 vya wateja 40. Karani ameandika vyote akiwa Kibirizi, mtandao upo, hakuna shida. Boti inaondoka naye. Mbele ya milima inayoshuka hadi ziwani mawasiliano yanakuja na kukatika. Mtanga anashusha vipande vinane na kuweka alama kwamba vimepokelewa. Mwamgongo anashusha 15, na hapo hapo anapokea magunia ya dagaa ambayo hayakuwa kwenye orodha. Kila alama na kila mzigo mpya sasa vinakaa ndani ya simu, kwenye hifadhi ya kivinjari iitwayo IndexedDB, vikisubiri mtandao. Maandishi yenyewe ni mepesi, kilobaiti moja kwa mzigo inatosha. Kinacholeta uzito ni picha. Kamera ya simu ya kawaida hutoa picha ya megabaiti tatu au nne, na karani akipiga picha kila gunia atakuwa na megabaiti zaidi ya 100 zinazosubiri kutumwa kwa mtandao dhaifu. Msimbo uipunguze kila picha iwe kama kilobaiti 80 kabla ya kuihifadhi. Alama ya rangi kwenye gunia bado itasomeka.

Hifadhi hiyo ya kivinjari ndiyo chanzo cha sharti langu. Kwa kawaida yake si mali ya kudumu. Simu ikijaa, Chrome ina ruhusa ya kufuta hifadhi ya tovuti ambayo haijatumika kwa muda mrefu, na ikifuta hufuta yote ya tovuti hiyo kwa pamoja. Safari ya iPhone ina kanuni kali zaidi tangu mwaka 2020: tovuti isipoguswa na mtumiaji kwa siku saba za matumizi ya kivinjari, data ambayo msimbo wake uliihifadhi hufutwa. Iliyobandikwa kwenye skrini ya mwanzo haiguswi na kanuni hiyo, lakini karani aliyezoea kufungua kwa kiungo hayumo kwenye kinga hiyo.

Sasa liangalie ziwa letu. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikijaa wavuvi hupumzika, biashara ya mwaloni hupoa, na karani anayeishi kwa mizigo ya dagaa anaweza kukaa siku kadhaa bila kuifungua aplikesheni ya kazi, huku simu ikiendelea kutumika nyumbani kwa video na michezo ya watoto. Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Kama kulikuwa na kumbukumbu za nauli zisizolipwa zilizobaki ndani ya kivinjari cha mtu siku ile ziwa linafungwa, hizo ndizo zilizokuwa kwenye hatari kubwa kuliko zote. Mhandisi anayeishi mji wenye kazi kila siku hawezi kuliona tatizo hili. Kigoma lazima tulihesabu tangu mwanzo.

Kuna namna ya kukiomba kivinjari kiihifadhi data kwa kudumu. Msimbo wake ni mfupi:

```js
const imekubaliwa = await navigator.storage.persist();
if (!imekubaliwa) onyeshaOnyo();
```

Chrome huamua yenyewe, bila kumuuliza mtumiaji, ikiangalia mambo kama vile aplikesheni imesakinishwa au la na inatumika kiasi gani. Jibu likiwa ni hapana, karani aonyeshwe onyo kubwa jekundu badala ya kuachwa aamini kwamba yuko salama. Na hata likiwa ndiyo, kinga hiyo haimzuii fundi simu kufuta data zote za kivinjari wakati wa "kusafisha" simu, wala mwenyewe kufanya hivyo akitafuta nafasi. Aplikesheni ya kupakua nayo inaweza kufutiwa data, ila ni kwa kuingia kwenye mipangilio na kuichagua hiyo hiyo kwa jina. Ya wavuti hupotea pamoja na historia ya kuperuzi, kwa mtu ambaye hata hakuifikiria kazi ya boti. Kwangu mimi hiyo ndiyo tofauti ya kweli kati ya hizo mbili, na ni kubwa.

Ndiyo maana nasema safari moja. Karani akirudi Kibirizi mtandao upo. Kabla hajashuka kwenye boti, juu ya skrini yake pawe na maneno yanayosomeka juani: "Haijatumwa: 23". Abonyeze kitufe cha kutuma, asubiri hadi isomeke sifuri, ndipo akabidhi. Wapo watakaokuambia kwamba kazi hiyo inaweza kufanyika yenyewe nyuma ya pazia, hata aplikesheni ikiwa imefungwa. Ni kweli Chrome inao uwezo huo, lakini majaribio yake yana kikomo, na Safari haina kabisa. Biashara isitegemee uwezo ambao mwenye simu hawezi kuuona ukifanya kazi. Kitufe na namba vinaonekana, na msimamizi akisimama pembeni anaweza kuvikagua bila kujua lolote kuhusu msimbo.

Kitufe hicho nacho kina mambo yake. Wasanidi wengi huuliza simu kwanza kama kuna mtandao kwa kutumia `navigator.onLine`. Jibu la hapana ni la kuaminika. Jibu la ndiyo maana yake ni kwamba simu imeshika mtandao fulani tu, haina maana kwamba data inapita. Bando limekwisha, alama ya 4G bado inaonekana, na aplikesheni inadhani mambo ni shwari. Kipimo cha haki ni jibu kutoka kwenye seva yenyewe: tuma ombi, subiri sekunde nane au kumi, jibu lisiporudi hesabu kwamba ombi halijafika.

Hapo unatokea mkanganyiko mwingine, na huu ndio uliowahi kunikosesha usingizi katika kazi za namna hii. Karani ametuma kumbukumbu ya magunia matatu ya dagaa. Seva imeipokea na kuiandika. Jibu la "nimepokea" liko njiani, boti inazunguka rasi, mtandao unakatika. Simu haijui kitu, hivyo mtandao ukirudi inatuma tena. Ofisini sasa yanaonekana magunia sita. Mwenye mzigo anadaiwa nauli mara mbili, anapiga simu kwa hasira, na karani anaonekana mwizi kwa kosa asilolijua. Tiba yake ni kila mzigo upewe namba ya kipekee na simu yenyewe pale unapoandikwa, kabla ya kutumwa popote, kwa mfano kwa `crypto.randomUUID()`. Seva ikiona namba inayoijua tayari, ijibu tu kwamba imepokea, isiandike upya. Anayekuuzia mfumo muulize swali hilo moja: ombi likitumwa mara mbili, seva inafanya nini? Akibabaika, bado hajaandika mfumo wa kufaa ziwani.

Kuna pia suala la saa. Burundi na mashariki ya Kongo ziko saa moja nyuma yetu. Simu iliyowekwa ijirekebishe saa yenyewe, ikikaribia Kagunga na kudaka mnara wa ng'ambo, inaweza kurudi nyuma saa nzima. Mzigo ulioshushwa Kagunga utaonekana umeshushwa kabla haujafika Zashe, na ripoti nzima itavurugika. Muda uhifadhiwe kwa saa ya kimataifa, yaani UTC, ambayo haibadiliki kwa mnara, na kugeuzwa kuwa saa ya Tanzania wakati wa kuonyesha tu. Na pale pa kuonyesha, boti inayoondoka saa 14:00 iandikwe "saa 8 mchana". Fomu inayomwachia mteja ajaze tarakimu tupu itapokea "8:00" kutoka kwa mtu anayemaanisha mchana, na atakuta boti imemsubiri au imemwacha kutegemea nani alisoma vipi.

Mambo haya mawili, namba ya kipekee na saa, hayana uhusiano na aina ya aplikesheni. Yatakutesa kwenye ya dukani vile vile. Nimeyaweka hapa kwa sababu mara nyingi biashara hununua aplikesheni ya dukani ikitumaini itaondoa makosa ambayo kumbe yako kwenye seva.

Watu huniuliza sana kuhusu malipo, wakidhani fedha inahitaji aplikesheni "kamili". Haihitaji. Malipo ya simu Tanzania hayapiti ndani ya aplikesheni ya wakala. Seva yake huwasiliana na mtandao wa simu, moja kwa moja au kupitia kampuni ya kati, kisha mteja anatokewa na ujumbe wa kuthibitisha na kuweka namba ya siri, ujumbe unaotoka kwa mtandao wenyewe. Unafanya kazi hata kama aliyeweka oda alitumia kiungo cha wavuti na simu inayolipa ni kitochi. Wakala mdogo asiyetaka mkataba na kampuni ya kati anaweza kuweka kiungo cha kufungua menyu, kama `tel:*150*00%23` kwa M-Pesa, pamoja na lipa namba yake. Kwenye Android kiungo hicho hufungua kipiga simu kikiwa na namba tayari, mteja abonyeze tu. Kwenye iPhone hakitafanya kazi, kwa sababu Apple huzuia viungo vya simu vyenye nyota na reli, hivyo namba iandikwe wazi pembeni.

Sasa nieleze kinachoweza kunifanya nibadili uamuzi. Cha kwanza ni printa. Mawakala wengi wanapenda vile vichapishi vidogo vya karatasi ya milimita 58 vinavyoshikwa kiunoni. Vingi vya bei nafuu hutumia Bluetooth ya zamani, ambayo aplikesheni ya kupakua inaifikia kwa urahisi, wakati njia ya Bluetooth iliyozoeleka kwenye kivinjari, Web Bluetooth, inaongea na vifaa vya Bluetooth ya nishati ndogo tu. Mtu anaweza kuzunguka kwa kusakinisha aplikesheni ya kati ya kuchapishia, na mara nyingi inakubali. Lakini kama risiti ya karatasi ni lazima kwa kila gunia, kila siku, kwa foleni ya watu mwaloni, mzunguko huo utachosha. Kabla ya kusaini chochote, wakala achukue printa anayokusudia kuitumia aijaribu na simu anayokusudia kuitumia.

Cha pili ni kufuatilia boti ilipo. Aplikesheni ya wavuti inaweza kusoma mahali simu ilipo wakati imefunguliwa mbele ya macho. Skrini ikizimwa, usomaji unakoma. Anayetaka ramani ionyeshe boti ikitembea kutoka Mtanga hadi Kagunga huku simu ikiwa mfukoni kwa karani, anahitaji aplikesheni ya kupakua. Binafsi sioni kama wakala wa mizigo anaihitaji ramani hiyo. Alama ya "imeshushwa Mwamgongo, saa 10 jioni" inamjibu mteja swali lake lote.

Naomba nionye juu ya njia moja ya katikati inayouzwa kwa bei ya juu. Tangu mwaka 2019 inawezekana kuifunga aplikesheni ya wavuti ndani ya ganda la Android na kuiweka Play Store, kwa ada ya Google ya dola 25 inayolipwa mara moja. Ni jambo halali, na linafaa kwa wateja waliozoea kutafuta vitu Play Store. Lakini ndani ya ganda hilo ni Chrome ile ile, na hifadhi ni ile ile ya kivinjari. Hatari ya kufutika niliyoieleza haijaondoka hata kidogo. Wakala akiambiwa ameuziwa aplikesheni ya dukani kwa bei ya aplikesheni ya dukani, afanye hivi: aandike mizigo miwili simu ikiwa kwenye hali ya ndege, kisha aende kwenye mipangilio ya Chrome na kufuta data za tovuti zote. Arudi kwenye aplikesheni. Mizigo ikiwa imepotea, amenunua ya wavuti iliyovishwa koti. Jaribio hilo lifanywe siku ya kukabidhiana, kabla hakujawa na kumbukumbu ya kweli ndani.

Hata sasisho lina upande wa kuangalia. Watu husifu aplikesheni ya wavuti kwamba hujisasisha yenyewe, bila mteja kupakua toleo jipya, na ni sifa ya haki. Kinachosahaulika ni kwamba toleo jipya la yule mlinzi wa getini kwa kawaida husubiri hadi kurasa zote za zamani zifungwe. Karani asiyefunga aplikesheni yake wiki nzima anaweza kuendelea kutoza nauli ya zamani wakati ofisi imeshapandisha kwa sababu ya mafuta. Nauli isiwe sehemu ya kurasa zinazohifadhiwa; iletwe kama taarifa yenye tarehe, na karani aione: "Nauli za kuanzia Jumatatu". Chini ya ukurasa pawe na namba ya toleo, ili ofisi ikimpigia simu imuulize asome anachokiona.

Ningekuwa mimi ndiye wakala, ningemlipa msanidi kwa awamu na kuifunga awamu ya mwisho kwa jaribio la boti, lililoandikwa kwenye mkataba. Jaribio lenyewe liko hivi. Ichukuliwe simu ya bei ya chini yenye RAM ya gigabaiti mbili, ile ambayo karani ataitumia kweli, na ijazwe picha na video hadi ibaki na nafasi kidogo. Aplikesheni isakinishwe Kibirizi, mizigo 20 iandikwe mtandao ukiwepo. Iwekwe hali ya ndege, mizigo mingine 20 iandikwe, kumi kati yake ikiwa na picha. Simu izimwe kabisa, iwashwe, aplikesheni ifunguliwe bado ikiwa hali ya ndege: yote 40 ionekane, na kihesabio kisomeke 20. Kisha karani apande boti ya kweli, aanze kutuma sehemu yenye mtandao wa kukatika, na asifanye ujanja wowote wa kuusubiri utulie. Wakirudi, orodha ya seva ilinganishwe na kauntabuku ya karani, mstari kwa mstari. Pawe na mizigo 40, hakuna uliojirudia, hakuna picha iliyopotea, na saa za kushusha zifuate mpangilio wa vijiji.

Ikifaulu, wakala abaki na ya wavuti na fedha iliyobaki aipeleke kwenye SMS. Kauntabuku iendelee kwa miezi miwili ya kwanza sambamba na simu, kwa sababu kosa la seva halitaonekana siku ya jaribio peke yake.

Ikianguka kwa sababu ya msimbo, msanidi arekebishe kwa gharama yake. Ikianguka kwa sababu simu za makarani ni za kuazimana, zinafutwa na yeyote, au safari zenyewe ni ndefu, kama zile zinazotoka Ujiji kuelekea kusini upande wa Mahale, na karani analala huko siku nyingi bila mtandao wa maana, hapo sharti la safari moja halitekelezeki. Wakala ajenge aplikesheni ndogo ya Android kwa simu za makarani wake wawili au watatu, isambazwe kwao moja kwa moja bila kupitia Play Store, iongee na seva ile ile. Wateja wake wa Mwamgongo na Kagunga waachwe na kiungo chao.